Bei Imekaliwa na Vitufe

Mxiiiu! Seti ya sofa ya watu saba, kiunzi cha mninga, kazi ya jasho pale Keko, halafu watu wa TikTok wameoneshwa mto mmoja wa katikati na goti la fundi. Bei iliandikwa, ndiyo, tena kwa herufi za njano zenye kivuli chekundu. Ila imewekwa chini kabisa, pale pale ambapo TikTok yenyewe inaandika jina la mwenye ukurasa na maelezo yake. Namba ya simu nayo imesogea kulia, ikakaliwa na kile kimoyo cha kupenda na kile kiputo cha maoni. Sasa komenti zote ni za aina moja: "Bei?" "Bei kaka?" "Mbona bei hamsemi?" Na mmoja kwa hasira zake: "Hawa nao ni wale wale wa bei njoo inboksi."

Fundi wa watu hajaficha bei. Vitufe ndivyo vimeificha.

Hapa kwenye kahawa yetu jambo hili limeliwa pamoja na kashata jioni nzima, maana fundi ni mwenzetu na benchi tunalokalia katupigilia yeye. Mpwa wake ndiye mpiga picha, ndiye mhariri, ndiye mtangazaji. Kijana mzuri, hana baya. Alilaza simu, akapiga video, akaihariri ikatoka dakika tatu na sekunde 40, akabandika maandishi, akatandika na muziki chini, halafu ile ile moja akaimwaga YouTube, TikTok, Instagram na kwenye Status ya WhatsApp ya mjomba wake.

Mzee wa drafti, bila kuinua macho kwenye kete zake, akauliza: "Sasa hapo kosa liko wapi? Video si video tu?"

Mimi unga wa nyumbani kwangu unatoka kwenye kukata video za watu. Nikaweka kikombe chini.

Kosa, mzee wangu, halikuanzia TikTok. Lilianza pale kijana alipobandika maandishi kabla hajajua video inakwenda mlango gani. Lakini tuanze na umbo, maana ndilo linaloonekana hata na asiyejua kusoma.

Simu ikilazwa, kwa mpangilio wa kawaida, inapiga picha yenye upana wa pikseli 1920 na kimo cha pikseli 1080. Hiyo ndiyo 16:9, umbo la televisheni ya sebuleni. Mtu wa TikTok ameisimamisha simu yake mkononi, kwa hiyo kioo chake ni 9:16: upana 1080, kimo 1920. Ukitaka picha yako iliyolala iingie nzima kwenye kioo kilichosimama, lazima upana wake ushuke kutoka 1920 hadi 1080, na kimo nacho kinashuka kwa kiasi hicho hicho mpaka karibu 608. Pikseli 608 katika kioo cha 1920 hazifiki hata theluthi. Yaani seti nzima ya sofa inakuwa ukanda mwembamba katikati, juu giza, chini giza.

Watu wengi hapo wanajaza lile giza kwa ile picha yenyewe iliyokuzwa na kutiwa ukungu. Mimi ule ukungu siupendi, na nimeusonya mara nyingi mbele ya wateja. Theluthi mbili za kioo zinaonesha kitu ambacho mtu hawezi kukitambua, na macho yake yanahangaika huko badala ya kutulia kwenye sofa. Hata hivyo nitautetea kidogo mbele, kwa hiyo msininukuu vibaya.

Njia ya pili ndiyo aliyoifuata mpwa. Alifungua CapCut, akachagua 9:16, akaitanua picha kwa vidole viwili mpaka ikajaza kioo. Raha! Hakuna giza, hakuna ukungu. Lakini kilichotokea ni kwamba kutoka kwenye ule upana wa 1920, kioo kimechukua pikseli 608 za katikati na kutupa zilizobaki. Tena ile theluthi pungufu! Sofa la watu watatu limebaki na kiti kimoja. Halafu hizo 608 zimevutwa zijaze 1080, mara moja na robo tatu na ushei, na nyuzi za kitambaa zikageuka uji. Mteja anayetaka kujua kama hicho kitambaa ni velveti au ni kitu gani hawezi kujua.

"Kwa hiyo video iliyolala haifai?" akauliza fundi mwenyewe, na sauti imeshashuka.

Inafaa, fundi. Ila haikatwi yote kwa kisu kimoja. Hapo ndipo watu wanapokosea, na programu zinawasaidia kukosea, kwa sababu kitufe cha 9:16 kinaibana video nzima kwa mkupuo. Video ya dakika tatu na sekunde 40 si kitu kimoja. Ni vipande thelathini au arobaini, na kila kipande kina kitu chake ambacho ama kimesimama ama kimelala. Nilimkalisha mpwa pale pale, tukapitia vipande vyake kimoja kimoja kwenye simu.

Fundi amesimama anaranda mbao: mtu aliyesimama ni mrefu kuliko mpana, kwa hiyo kata wima bila woga, ila dirisha lako la kukatia usiliache katikati, lisogeze alipo yeye. Katika video ya mpwa fundi alikuwa kulia, ndiyo maana TikTok imepata goti lake tu. Mkono unabana springi: kipande cha karibu, springi inajaza picha, ukikata pembeni hakuna anayejali. Misumari inapigwa kwenye kitambaa, vilevile. Mbao zimepangwa ukutani zimesimama, hizo ni kama zilipigwa kwa ajili ya TikTok. Tulipomaliza kuhesabu, vipande vilivyokuwa na taabu kweli vilikuwa vile vya sofa lililokamilika tu, maana sofa ni kitu cha kulala. Vingine vyote vilikuwa vizima, vimeuawa na uvivu wa kuacha dirisha katikati.

Basi hilo sofa tufanyeje? Kuna njia tatu, na mimi nina chaguo langu.

Ya kwanza ni kulitembeza dirisha. Unaweka alama ya mwanzo mkono wa kushoto wa sofa, alama ya mwisho mkono wa kulia, na programu inasogeza dirisha katikati ya alama hizo, kana kwamba mpiga picha anageuza simu taratibu. Inapendeza, ila dirisha lina pikseli 1312 za kusafiri, na ukilipeleka kwa sekunde moja picha inarukaruka na macho yanauma. Lipe sekunde nne au tano. Na usitembeze kipande ambacho simu yenyewe ilikuwa inatembea, maana miendo miwili ikipishana, mtazamaji anapata kizunguzungu cha mtu aliyepanda boti ya Zanzibar siku ya upepo.

Ya pili ni kupanga juu na chini. Juu unaweka sofa zima, upana 1080 na kimo 608. Chini yake kunabaki pikseli 1312, na hapo unaweka kipande cha karibu: kiganja kinapapasa kitambaa, au mguu wa sofa wenye nakshi. Mtu anaona umbo zima na anaona ubora kwa wakati mmoja. Hili ndilo chaguo langu kwa bidhaa yoyote iliyolala, iwe kitanda, kabati la televisheni au gari.

Ya tatu ni ule ukungu niliousonya. Utumie kwa sekunde tatu tu, mwishoni, pale unapotaka sofa zima lionekane limetulia, na lile eneo la juu lililo tupu uliandikie bei. Hapo ukungu unakuwa ukuta wa kubandikia tangazo, na hilo nalikubali. Kuuweka video nzima, hapana.

Kuhusu Instagram sitasema mengi. Zamani ilikuwa mraba, baadaye ukaruhusiwa 4:5, yaani 1080 kwa 1350, na sasa Reels zake ni 9:16 kama TikTok, kwa hiyo video ile ile ya wima inaingia. Ila kuna mtego mmoja. Tangu mwanzoni mwa 2025 picha kwenye ukurasa wako wa Instagram zinaoneshwa kwa umbo la 3:4. Kasha la video yako lenye kimo cha 1920 linakatwa juu pikseli 240 na chini 240. Mpwa aliandika "SOFA MPYA 2025" juu kabisa ya kasha. Ukurasani pakabaki nusu ya chini ya herufi, kama maandishi ya Kiarabu yaliyokosewa. Maneno ya kasha yaweke katikati, yamekwisha hayo.

Na tusisahau kwamba hata wenye mitandao yenyewe walihangaika. Instagram walileta IGTV mwaka 2018 wakiwa na msimamo kwamba video zisimame wima. Mwaka uliofuata wakalegeza kamba, wakaruhusu na zilizolala. Kama wao waligeuza shingo, mpwa wa fundi ni nani?

Muuza kahawa akaongeza maji kwenye birika na kuuliza swali la maana kuliko yote: "Na ile bei sasa, inakaa wapi?"

Kioo cha TikTok, cha Reels na cha Shorts vyote vinafanana tabia: si chako chote. Juu kuna vichupo na alama za kutafutia. Chini kuna jina la ukurasa, maelezo, jina la wimbo. Kulia, kuanzia kama katikati kushuka chini, kuna mnara wa vitufe: kupenda, maoni, kutuma, na kadhalika. Vyote hivyo vinakaa juu ya picha yako. Wakati unahariri huvioni, kwa hiyo kioo kinaonekana kipana kama uwanja wa Mnazi Mmoja. Ukishapandisha ndipo wapangaji wanaingia.

Kampuni ya Meta inawashauri wanaolipia matangazo ya Reels waache wazi asilimia 14 juu, asilimia 35 chini na asilimia 6 kila upande. Kwa kioo cha 1920 hiyo ni kama pikseli 270 juu na 670 chini. Watu wakisikia 35 wanashtuka: zaidi ya theluthi ya kioo! Ndiyo. Lakini mkiangalia ile video ya fundi mtaona kwamba bei ilikaa humo humo ndani ya hiyo theluthi. Mimi natumia kipimo hicho hicho hata kwa TikTok na Shorts, halafu upande wa kulia, kwa nusu ya chini, naongeza nafasi zaidi kwa ajili ya ule mnara wa vitufe. Kinachobaki ni eneo la katikati, limeegemea kushoto kidogo. Bei ikae hapo. Namba ya simu ikae hapo. Nembo ya biashara, kama lazima, ikae hapo juu chini ya zile 270, na iwe ndogo.

"Lakini katikati si ndiko kuliko na picha?" mpwa akauliza, na lilikuwa swali zuri.

Ndiyo maana napigia kelele upigaji. Ukijua maneno yatakaa chini kidogo ya katikati, basi uso wa mtu au kitu unachokionesha kipandishe kiwe kwenye theluthi ya juu. Wapiga picha wa harusi zetu wamezoea kuweka uso katikati ya fremu, kwa hiyo manukuu yakija yanamziba bibi harusi mdomo.

Manukuu ndiyo haya: maneno anayoyasema fundi yakiandikwa kwenye kioo. Watu wengi wanaangalia wakiwa kwenye daladala, sauti wameizima. Mpwa aliyaweka, nampongeza, ila aliyaweka kwenye video iliyolala, yakajipanga mstari mmoja mrefu. Mstari wa "Hiki kiunzi chetu ni cha mninga mkavu, hakiliwi" una herufi zaidi ya arobaini. Kwenye kioo kilicholala unakaa vizuri. Alipoikata video wima, mstari ukakatwa masikio pande zote mbili, pakabaki "chetu ni cha mn". Watu wakacheka, wengine wakaandika "cha mnazi?" Fundi wa mninga anaulizwa kama anatumia mnazi! Hapo alinyanyuka akaenda kununua sigara ambayo kawaida havuti.

Kioo cha wima, ukishatoa kingo na ule mnara wa kulia, kinabeba kama herufi 22 hadi 26 kwa mstari kwa ukubwa unaosomeka. Kiswahili chetu maneno yake ni marefu. "Tutakuletea mpaka nyumbani" tayari mstari umejaa. Kwa hiyo manukuu ya video iliyolala hayahamishwi yalivyo. Yanavunjwa upya, mistari miwili mifupi, na yavunjwe mahali pa kupumulia: "Kiunzi ni cha mninga" halafu chini "mkavu, hakiliwi". Ukivunja "Kiunzi ni cha" halafu chini "mninga mkavu", msomaji anabaki ananing'inia kwenye "cha". Na yale manukuu yanayojiandika yenyewe, yasome neno kwa neno kabla hujapandisha. Nimeshuhudia "springi" ikiandikwa jina la mtu.

YouTube kuna heshima yake. Kule kwenye video ndefu usiyachome manukuu ndani ya picha. Andika faili lake pembeni, lile linaloishia na .srt, ulipandishe pamoja na video. Mtazamaji anayewasha ataona, asiyetaka atazima, na siku ukikuta kosa la herufi unabadilisha faili bila kupandisha video upya. Ukiyachoma halafu mtu akawasha na yale ya YouTube, mistari miwili inapandana chini pale na hakuna hata mmoja unaosomeka.

Nikamgeukia fundi, maana yeye ndiye mwenye mali. Nikamwambia, "Kaka, wewe unavalisha sofa kitambaa kabla hujakata mbao?" Akasema, "Nimerukwa na akili?" Basi mpwa wako kavalisha kwanza, kakata baadaye.

Dawa yake ni hii. Ukimaliza kupanga vipande, hifadhi nakala moja isiyo na maandishi yoyote, isiyo na nembo, isiyo na muziki, sauti ya fundi tu. Hiyo ndiyo video mama. Kila mlango unaotaka kuingia, unaanzia kwenye video mama: unakata umbo, unapunguza urefu, halafu mwisho kabisa ndipo unabandika maneno na kutandika muziki. Muziki nao ni wa mwisho kwa sababu yake. Ukishauchanganya na sauti, kila utakapokata sentensi na wimbo unaruka, na sikio la Mswahili kwenye mdundo halidanganyiki.

Na video mama usiitume kwa WhatsApp kama video! Hapa nasonya tena, mxiiiu. Mpwa alipiga kwa simu ya rafiki, rafiki akamtumia kwa WhatsApp, ikabanwa. Akaihariri, akaituma tena, ikabanwa. Kisha TikTok nayo ikabana kwa zamu yake. Hata ungekuwa umepiga kwa kamera ya sinema, ikifika hapo imechoka. Ukituma, nenda kwenye alama ya kiambatisho, chagua Document, ndipo faili linafika lilivyo. Na usipakue video yako TikTok ukaipeleka Instagram na ule mhuri wa TikTok unaocheza pembeni. Instagram walitangaza tangu 2021 kwamba hawatazisukuma mbele video zenye mihuri ya wengine. Kwao video ya TikTok ni mtoto wa jirani. Toa yako safi kwenye video mama.

Haya, urefu. Hapa ndipo kelele zilipopanda, maana kila mtu ana maoni kuhusu urefu.

Video ya fundi ya dakika 3:40 ilikuwa hivi: nembo inazunguka na ngurumo, sekunde 12. Salamu na shukrani, sekunde 20. Mbao na kiunzi, 50. Springi na sponji, 45. Kitambaa, 40. Sofa lililokamilika, 33. Namba na mahali pa kufika, 20. Kwa YouTube, mtu aliyetafuta mwenyewe "sofa za Keko" na anataka kutoa milioni na zaidi, dakika tatu na sekunde 40 si nyingi. Angeongezewa hata sponji ni ya unene gani. Ningetoa ile nembo inayonguruma, nikaacha mengine. Ila zile sekunde 20 za mwisho zilikuwa na msiba wake. YouTube inakuruhusu kuweka vibao vya video nyingine katika sekunde 5 hadi 20 za mwisho, mpwa akaviweka, na vibao vikaketi juu ya namba ya simu. Namba hiyo sasa imekaliwa mitandao miwili! Kama unaweka vibao, taja namba mapema, na mwishoni acha nusu ya kioo tupu kwa ajili yao.

Kwa TikTok na Reels mtu hajakutafuta. Umemkuta anapita. TikTok sasa inakubali video za dakika nyingi, Shorts za YouTube tangu Oktoba 2024 zinakubali hadi dakika tatu, na Reels zikafuata hadi dakika tatu mwanzoni mwa 2025. Bodaboda wetu akadakia: "Si umeona! Dakika tatu zinaruhusiwa!" Kuruhusiwa si kuangaliwa, ndugu yangu. Wewe mwenyewe nimekuona unapitisha video kwa kidole gumba kabla mtu hajamaliza kusema asalaam aleikum.

Tuliikata upya ikawa sekunde 38, na nitaeleza tulivyofanya maana si suala la kuharakisha mwendo. Sekunde tatu za kwanza: fundi, ambaye mwili anao, anapanda na viatu juu ya kiunzi kitupu cha sofa na kuruka. Kipande hicho kilikuwa kimefukiwa kwenye dakika ya pili huko. Mtu yeyote anayepita atasimama aone kama kiunzi kitavunjika. Kisha mbao sekunde 9, springi 10, kitambaa 6, na sofa lililokamilika 10, juu na chini kwa ule mpangilio wangu, bei na namba zikiwa katikati kushoto kwa sekunde zote hizo kumi. Salamu hakuna. Nembo inayonguruma hakuna.

Tatizo lililotusumbua lilikuwa sauti. Fundi kwenye springi anasema, "Kama nilivyowaambia pale mwanzo, sisi hatutumii za kuunga." Pale mwanzo tumeshapakata! Mtu wa TikTok hajaambiwa kitu. Tukakata "kama nilivyowaambia pale mwanzo", ikabaki "sisi hatutumii za kuunga", lakini pumzi ikakatika katikati na ikasikika kama amebanwa. Ikabidi tufunike mkato huo kwa sauti ya nyundo kutoka kipande kingine. Somo nililompa mpwa: wakati wa kurekodi, mwambie mjomba aseme kila sentensi ijitegemee. Asiseme "hii", aseme "springi hii". Asiseme "kama nilivyosema". Ukiwa na sentensi zinazojitegemea, unaweza kutoa video ya sekunde 38, ya 20 na ya dakika nne bila kumrudisha mtu mbele ya simu.

WhatsApp ndiyo iliyonishangaza, maana kijana aliiona ni mlango wa mwisho, wakati kwa fundi wa Keko ndiyo mlango wa fedha. Waliomo kwenye simu ya mjomba ni watu aliowahi kuwauzia, mashemeji zao na majirani zao. Status kwa miaka mingi ilikomea sekunde 30, mwaka 2024 ikaongezwa hadi dakika moja. Mimi bado nakata isizidi 30, kwa sababu kule mtu akigusa kioo tu anaruka kwenda kwa mwingine. Tukachukua sofa lililokamilika na kile kiruko, sekunde 18, maneno machache na makubwa, kwa kuwa WhatsApp inabana picha na herufi nyembamba zinamong'onyoka. Juu kuna jina la mwenye Status, chini kuna maelezo na sehemu ya kujibu, kwa hiyo bei tena katikati. Namba ya simu hatukuiweka kabisa. Mtu tayari yuko kwenye namba hiyo, anajibu hapo hapo!

Kabla ya kupandisha popote, tuliweka ile ya TikTok iwe ya kuonekana na mwenye akaunti peke yake, halafu tukaiangalia kwenye simu ya muuza kahawa. Simu yake ina kioo kidogo na kimepasuka kona. Kama bei inasomeka pale, inasomeka kote. Ilisomeka, ila herufi ya mwisho ya manukuu iligusa kile kitufe cha kutuma, tukavuta mstari kushoto kidogo.

Mpwa akauliza, mara nyingine apige vipi ili asipate taabu hii yote. Nikamwambia vipande vya karibu asimamishe simu, sofa zima alaze simu, na kama simu ina 4K aitumie kwa vile vya kulala tu. Picha ya 4K ina upana 3840 na kimo 2160. Dirisha la wima unalokata humo lina upana kama 1215, linazidi 1080 unayoihitaji, kwa hiyo hakuna kuvuta, nyuzi za kitambaa zinabaki nyuzi. Gharama yake ni nafasi. Kwenye iPhone dakika moja ya 4K inakula kama MB 170, wakati ile ya kawaida inakula kama 60, na simu ya kijana imejaa picha za shemeji zake.

Apande pia juu ya stuli na kulipiga sofa kwa kona, kutoka mkono mmoja kuelekea mwingine. Sofa likipigwa mbele ni ukanda mrefu. Likipigwa kwa kona linajikunja na kupanda juu kwenye picha, na dirisha la wima linalimeza karibu lote.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akafyonza kashata yake, kisha akauliza hesabu: video moja imekuwa tatu za nini, na malipo je, si ya moja? Mzee wa drafti akala kete mbili za mpinzani wake, akasema, "Wewe kiti cha mtu mmoja na cha watu watatu unauza bei sawa?" Wakaanza kubishana wao wawili, na mpaka tunafunga kijiwe malipo yangu yalikuwa hayajatajwa.